Kilometre au Kilometer, Litre au Liter: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayeandika Kiingereza shuleni au kazini na ambaye husita kila anapofika kwenye kipimo: neno hili linaishia na *-re* au *-er*? Maswali mepesi yako mwanzoni. Sehemu za katikati, zinazohusu neno *meter* na namna ya kubadilisha waraka mzima, nimezipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu hapo ndipo nyaraka nyingi huharibika bila mwandishi kujua.

## Mambo ya msingi

Ipi ni sahihi, *kilometre* au *kilometer*? Na je, *litre* au *liter*?

Zote ni sahihi. *Kilometre* na *litre* ni tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, na inafuatwa pia Australia, Kanada, India, Afrika Kusini na katika nchi nyingine nyingi zinazofundisha Kiingereza cha mkondo huo. *Kilometer* na *liter* ni tahajia ya Marekani.

Kosa ni kuzichanganya. Ripoti inayosema *kilometres* ukurasa wa kwanza na *kilometers* ukurasa wa nne humfanya msomaji ahisi kwamba imeunganishwa kutoka vyanzo viwili na hakuna aliyeipitia. Mara nyingi hisia hiyo ni ya kweli.

Je, tahajia tofauti ina maana ya kipimo tofauti?

Hapana. *Kilometre* moja na *kilometer* moja zote ni mita 1,000, na *litre* ni sawasawa na *liter*. Hakuna hesabu ya kubadilisha.

Swali hili huulizwa kwa sababu kuna vipimo vingine ambavyo kweli vinatofautiana kati ya Uingereza na Marekani. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni takriban lita 3.785, na zote mbili huandikwa *gallon*. Kwa tani, tahajia inabeba maana: *tonne* ni kilo 1,000, lakini *ton* ya Marekani ni takriban kilo 907. Hapo ukibadilisha herufi umebadilisha mzigo. Kwa kilomita na lita, hofu hiyo iondoe.

Kwa nini kuna tahajia mbili?

Majina ya vipimo hivi yalitungwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, yakiwa *mètre* na *litre*. Waingereza waliyapokea pamoja na mwisho wake wa Kifaransa. Marekani ilikuwa tayari inaelekea kwenye mwisho wa *-er* kwa maneno ya namna hiyo, na kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 iliupa nguvu mwelekeo huo: *center* badala ya *centre*, *theater* badala ya *theatre*. Vipimo vikafuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukishajua kama waraka wako unaandika *centre* au *center*, umeshajua pia utaandikaje kilomita.

Mamlaka ya vipimo ya kimataifa inatumia ipi?

Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani, BIPM, iliyoko Sèvres karibu na Paris, huchapisha kitabu rasmi cha SI, yaani mfumo wa kimataifa wa vipimo. Maandishi yake rasmi ni ya Kifaransa, na toleo la Kiingereza linaandika *metre* na *litre*. Shirika la viwango la ISO linafanya vivyo hivyo. Hata hivyo kitabu cha BIPM chenyewe kinakiri kwamba tahajia hutofautiana kidogo kati ya nchi zinazotumia Kiingereza, na hakiiiti ya Marekani kosa.

Upande wa Marekani, taasisi ya viwango ya NIST imeandika wazi katika miongozo yake kwamba nchini humo ni *meter* na *liter*. Mtu akikuambia *-re* ndiyo tahajia ya kisayansi na *-er* ni ya mitaani, hilo si kweli. Kuna wanasayansi pande zote mbili.

## Kuchagua tahajia

Kwenye kazi za shule niandike ipi?

Angalia kitabu cha kiada cha somo husika, halafu fuata hicho. Kikiandika *litre*, andika *litre* katika somo hilo na mengine yote. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya Kiingereza cha Uingereza darasani kisha akajisomea mtandaoni hukutana na *liter* kila mara, na huanza kuziandika zote mbili bila kufikiri. Hapo mwalimu ana haki ya kuzungushia kalamu nyekundu, kwa sababu ya kuchanganya.

Ukiwa mwalimu unayetunga maswali, kazi yako ni ngumu kidogo. Karatasi nzima ya maswali, michoro na jedwali lake zinapaswa kuwa na tahajia moja. Mchoro ulionakiliwa kutoka kwingine ndio hubaki na tahajia ngeni, kwa kuwa maandishi yaliyo ndani ya picha hayaguswi na kikagua tahajia.

Nitapoteza maksi kwenye mtihani kwa kuandika *kilometer*?

Inategemea mtihani unapima nini. Katika hesabu na sayansi, anayesahihisha anatafuta namba na kipimo chake, na njia salama ni kuandika alama: km, m, L. Alama haina tahajia ya Uingereza wala ya Marekani, kama inavyoelezwa katika sehemu ya alama hapa chini.

Katika mtihani wa lugha, soma maelekezo. IELTS, kwa mfano, inakubali tahajia zote mbili. Pasipo na maelekezo, andika ile uliyofundishwa na usiibadilishe katikati ya insha.

Na kazini?

Uliza kwanza kama ofisi ina mwongozo wa uandishi. Ikiwa upo, umemaliza. Ikiwa haupo, chukua waraka rasmi wa karibuni uliotolewa na ofisi hiyohiyo, mathalani ripoti ya mwaka au mkataba, uone umeandikaje. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na taasisi za Umoja wa Ulaya huandika Kiingereza chao kwa mkondo wa Uingereza, hivyo humo utakuta *kilometre* na *litre*. Idara za serikali ya Marekani huandika *kilometer* na *liter*.

Ikiwa ofisi haina mwongozo na nyaraka zake za zamani zimechanganyika, ushauri wangu ni kuchagua *-re*, isipokuwa wasomaji wenu wakuu wawe Marekani. Sababu yangu ni ya kikazi: *-re* huonyesha wazi kwamba unazungumzia kipimo na si kifaa. Hilo lina jibu lake pekee katika sehemu inayofuata.

Ofisi yetu inaandika *-re*, lakini mteja ni wa Marekani. Nani afuatwe?

Waraka ukiwa wenu, yaani una nembo yenu na unatunzwa kwenye kumbukumbu zenu, ubaki na tahajia yenu. Waraka ukiwa wake, kwa mfano fomu ya zabuni aliyoitunga yeye nanyi mnaijaza, fuata yake. Kwenye barua pepe haina uzito, mradi barua moja isiwe na zote mbili.

Mwongozo wa APA unanilazimisha kuandika *kilometer*?

APA inaelekeza tahajia ifuate kamusi ya Merriam-Webster, ambayo ni ya Kimarekani. Ukiandikia jarida linalofuata APA kikamilifu, basi ni *kilometer* na *liter*. Lakini vyuo vingi vilivyo nje ya Marekani huichukua APA kwa ajili ya kutaja marejeo tu na kuacha tahajia ya nyumbani. Muulize msimamizi wako kabla hujaandika sura ya kwanza, kwa maana kubadilisha tasnifu nzima baadaye kuna mitego yake.

## *Meter* inayobaki *meter*

Kwa nini waraka wa Kiingereza cha Uingereza bado una neno *meter*?

Kwa sababu huko *metre* na *meter* ni maneno mawili. *Metre* ni kipimo cha urefu. *Meter* ni kifaa cha kupimia: *water meter*, *electricity meter*, *parking meter*. Vifaa vyote vyenye mwisho huo huandikwa *-meter* pande zote mbili za bahari: *thermometer*, *speedometer*, *voltmeter*, *barometer*. Gari la Mwingereza hutembea *kilometres*, ila mwendo wake husomwa kwenye *speedometer*.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna ugumu wa ziada hapa. Tunasema mita tano za kitambaa na mita ya maji kwa neno lilelile, kwa hiyo sikio halituonyi tunapokosea. Inabidi jicho lizoezwe.

Marekani nayo ina neno moja, *meter*, kwa kipimo na kwa kifaa.

Maneno kama *diameter* na *perimeter* je?

Hayabadiliki kamwe. *Diameter*, *perimeter* na *parameter* huandikwa na *-er* kila mahali. Si vipimo, si vifaa. Ni majina ya vitu vingine yenye mwisho unaofanana. Ukiona *diametre* kwenye Kiingereza, mtu amebadilisha kwa pupa.

Tofauti hii ya kifaa na kipimo ina umuhimu gani kazini?

Chukua sentensi hii ya ripoti ya mkandarasi:

```
The contractor installed 40 meters along the road.
```

Ikiwa waraka unafuata Kiingereza cha Uingereza na mwandishi alikuwa makini, maana ni moja: vimefungwa vifaa 40 vya kupimia. Angetaka kusema bomba la urefu wa mita 40, angeandika *40 metres*. Lakini kama waraka ni wa Kimarekani, sentensi hiyo ina maana mbili na hakuna tahajia ya kuziamua. Bomba la mita 40 na vifaa 40 havilipiwi kwa kiasi kimoja.

Dawa ni kutotegemea tahajia peke yake. Andika *40 water meters* kama ni vifaa, au *40 m of pipe* kama ni urefu. Nasisitiza hili hata kwa wanaotumia *-re*, kwa sababu msomaji hana njia ya kujua kama ulikuwa makini au ulichanganya tu.

Vipi kuhusu *micrometer*?

Hapa tahajia za pande mbili zinagongana vibaya. *Micrometre* ni kipimo: sehemu moja ya milioni ya mita, alama yake µm. *Micrometer* ni kifaa cha fundi cha kupimia unene mdogo, kile chenye taya na kipini cha kuzungusha. Kiingereza cha Uingereza kinavitenganisha kwa maandishi. Cha Marekani huandika vyote viwili *micrometer* na kuvitofautisha kwa matamshi tu: mkazo wa kifaa uko kwenye *-crom-*, wa kipimo uko mwanzoni mwa neno.

Katika ripoti ya maabara au karakana iliyoandikwa Kimarekani, tumia µm kwa kipimo na uache neno *micrometer* kwa kifaa. Utata unaisha.

## Kubadilisha waraka mzima

Nikitumia tafuta-na-badilisha, kugeuza kila *meter* kuwa *metre*, kuna ubaya?

Upo. Angalia sentensi nne hizi za ripoti iliyoandikwa kwa tahajia ya Marekani:

```
The driver covered 148 kilometers on 21 liters of fuel.
The water meter recorded 312 cubic meters.
The tank has a diameter of 1.2 meters.
See the literature on flow meters.
```

Amri ya kugeuza kila *meter* kuwa *metre* na kila *liter* kuwa *litre* inatoa hivi:

```
The driver covered 148 kilometres on 21 litres of fuel.
The water metre recorded 312 cubic metres.
The tank has a diametre of 1.2 metres.
See the litreature on flow metres.
```

Mabadiliko ni manane, na manne kati yake ni makosa: *water metre*, *diametre*, *litreature* na *flow metres*. Kabla ya amri ile waraka haukuwa na kosa hata moja, ulikuwa wa Kimarekani tu. Sasa si wa Uingereza wala wa Marekani.

Kipande *liter* kimejificha ndani ya *literature*, *literacy*, *literal* na *obliterate*. Kipande *meter* kimo ndani ya *parameter*, *perimeter* na vifaa vyote vilivyotajwa juu. Kwenye tasnifu yenye sura inayoitwa *Literature Review*, kosa linatokea kwenye kichwa cha sura na kwenye jedwali la yaliyomo.

Basi nifanye vipi?

Anza na maneno yasiyo na shaka. *Kilometer*, *centimeter*, *millimeter* na *milliliter* hayana maana nyingine, hivyo unaweza kuyageuza yote kwa mara moja. Kama kihariri chako kinakubali usemi wa ruwaza, mstari mmoja unatosha kwa upande wa urefu:

```
Tafuta:     \b(kilo|centi|milli|nano)meter(s?)\b
Badilisha:  $1metre$2
```

Utaona *micro* haimo. Nimeiacha makusudi, *micrometer* lazima isomwe mojamoja.

Kisha nenda kwa *liter*. Katika Word fungua kisanduku cha kubadilisha kwa `Ctrl+H` na uweke tiki kwenye `Find whole words only`. Geuza *liter*, halafu urudie kwa *liters*, maana ukishaweka tiki hiyo wingi huhesabiwa neno jingine. Neno zima *liter* halina maana nyingine katika Kiingereza, kwa hiyo hapa napo unaweza kubadilisha yote pamoja.

Mwisho ni *meter* na *meters*, nayo ubadilishe ukisoma sentensi moja baada ya nyingine. Jiulize: hapa naweza kuweka alama m bila kuharibu maana? *312 cubic meters* inakuwa 312 m³, sawa, geuza. *The water meter* haiwezi kuwa *the water m*, acha. Usitegemee namba iliyo mbele ya neno kama ushahidi. Ule mfano wa *40 meters* una namba na bado unaweza kuwa wa vifaa.

Ukimaliza, tafuta *metre* na *litre* bila tiki, upitie orodha haraka. Ukikuta *diametre* au *parametre*, kuna hatua uliyoiruka.

Kikagua tahajia hakitanisaidia?

Kitakusaidia nusu. Weka lugha ya waraka kuwa Kiingereza cha Uingereza, nacho kitapiga mstari chini ya *kilometer* na *liter*. Lakini *meter* hakitaipiga mstari, kwa kuwa ni neno halali la Kiingereza hicho, jina la kifaa. Kwa hiyo *a wall 5 meters high* inapita bila onyo. Ndiyo maana hatua ya mwisho hapo juu haina njia ya mkato.

Kumbuka pia kwamba Word huhifadhi lugha kwa kila kipande cha maandishi. Aya uliyonakili kutoka faili la Kimarekani inaweza kuwa imekuja na lugha yake. Chagua waraka wote kwa `Ctrl+A` kwanza, ndipo uweke lugha.

Kugeuza kutoka *-re* kwenda *-er* kuna mitego ileile?

Hapana, na watu wengi hushangaa. Hakuna kifaa kinachoandikwa *-metre* kwa Kiingereza, wala neno la kawaida lililoficha *litre* ndani yake. Ukigeuza kila *metre* kuwa *meter* na kila *litre* kuwa *liter*, matokeo huwa safi, isipokuwa kwenye nukuu na majina rasmi, ambayo yana jibu lake mwishoni.

Kinachopotea ni ile tofauti ya kifaa na kipimo. Ukishageuza, waraka hauwezi kurudishwa kwa amri moja. Hifadhi nakala ya kwanza.

## Alama: km na L

Naweza kukwepa suala lote kwa kuandika km na L?

Unaweza, na kwenye majedwali, michoro, maabara na ankara ndivyo inavyofaa. Alama za SI ni zilezile katika kila lugha. Hazina wingi wala nukta, na kati yake na namba huwekwa nafasi: 5 km, 20 L.

Katika aya za kawaida, hasa barua na insha, jina kamili husomeka vizuri zaidi. Ukiandika namba kwa maneno, andika na kipimo kwa maneno: *five kilometres*. Na usichanganye jina na alama katika kipimo kimoja. Ni km/h au *kilometres per hour*, wala si *km per hour*.

Lita ni l ndogo au L kubwa?

Zote zinakubalika. Herufi ndogo ilikuwa ya kwanza. L iliongezwa mwaka 1979 na Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani kwa sababu l ndogo hufanana na tarakimu 1. Andika 11 l kwenye fonti ya kawaida uone: msomaji anaweza kusoma 111. Marekani hupendekeza L peke yake. Nami nakushauri hivyohivyo bila kujali tahajia uliyochagua, zaidi sana kwenye dozi za dawa na kemikali. Kwa mililita, ml na mL zote ni sahihi, ila ukichagua L kwa lita chagua mL pia.

Kms, Km, KM, Kph, ltr, Lts: zipi zinakubalika?

Hakuna hata moja. Alama haina wingi, hivyo *kms* inaondoka. Kiambishi cha kilo ni k ndogo. K kubwa ni alama ya kelvini, kipimo cha jotoridi. Kwa mwendo ni km/h. *Ltr* na *Lts* ni vifupisho vya mazoea ya risiti, na kwenye waraka rasmi viachwe.

Ni *5-kilometre* au *5-kilometres*?

Kipimo kikitangulia jina kama kivumishi, kinabaki umoja na huwekwa kistari: *a five-kilometre road*, *a 20-litre container*. Ukitumia alama, kistari hakihitajiki: *a 20 L container*. Kikisimama peke yake baada ya kitenzi, wingi unarudi: *the road is five kilometres long*.

## Mambo ya pembeni

Ninamnukuu mwandishi wa Marekani ndani ya ripoti yenye *-re*. Nibadilishe maneno yake?

Usiguse. Nukuu hubaki kama ilivyoandikwa, na vivyo hivyo vichwa vya vitabu na makala, majina ya taasisi na majina ya bidhaa. Maelezo yako yanayoizunguka nukuu ndiyo yafuate tahajia yako. Kama umeeleza wazo lake kwa maneno yako mwenyewe, hiyo si nukuu tena. Andika kwa tahajia yako.

Mkataba umechanganya *litre* na *liter*. Je, una tatizo?

Kiasi ni kilekile, kama ilivyoelezwa katika swali la pili. Tatizo la kweli liko kwenye neno *meter*. Mkataba uliochanganya tahajia umepoteza uwezo wa kutofautisha kifaa na urefu kwa herufi. Tafuta kila *meter* ndani yake, na kila penye shaka omba liongezwe neno la kufafanua kabla ya kutia saini.

Programu ninayotumia inaandika *kilometer* na hainiruhusu kubadilisha. Kwa nini?

Kwa sababu kwenye msimbo hilo ni jina la kudumu na linafuata tahajia ya Marekani. Katika JavaScript, kwa mfano, kipimo huitwa `kilometer` hata kama maandishi yanayotokea ni ya Uingereza:

```
new Intl.NumberFormat("en-GB",
  {style: "unit", unit: "kilometer", unitDisplay: "long"}).format(5)
```

Matokeo ni *5 kilometres*. Weka `en-US` mahali pa `en-GB` na utapata *5 kilometers*. Ukiandika `unit: "kilometre"` utapata hitilafu. Kwa hiyo unapohariri mwongozo wa programu, rekebisha sentensi na uache msimbo ulivyo.

Na nikiandika waraka kwa Kiswahili?

Andika kilomita, mita, lita, mililita, na alama zilezile: km, m, L, mL. Usiandike *kilometre 5* katikati ya sentensi ya Kiswahili. Palipo na utata wa kifaa na urefu, ongeza neno moja: mita 40 za bomba, au mita 40 za maji zilizofungwa kwenye nyumba. Hata huo mfano wa pili, ukisomwa haraka, unaweza kupotosha. Vifaa 40 vya kupimia maji ni salama zaidi.